Maji yakifungwa: tangazo kwa wapangaji na mgawanyo wa gharama

Tangazo la kufungwa maji katika nyumba ya kupangisha hujibu maswali mawili: maji yatakosekana kwa muda gani, na fundi atalipwa na nani. Majibu yote mawili hutegemea mahali palipoharibika.

Nyumba nyingi za ghorofa jijini Dar es Salaam hupata maji kwa njia moja. Maji hupita kwenye mita ya mamlaka, huingia tangi la chini, pampu huyasukuma hadi tangi la juu, kisha hushuka kwa mabomba hadi kila nyumba. Mgao unapotangazwa, kama ule wa Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipopungua, matangi huwa akiba. Watu 30 wanaotumia lita 40 kila mmoja kwa siku humaliza lita 1,200, hivyo tangi la lita 5,000 lililojaa huwatosha siku nne. Lakini bomba linaloshuka kutoka tangi hilo likipasuka, akiba haisaidii kitu. Koki ya tangini hufungwa, na mabomba ya ndani hukauka huku tangi limejaa. Tangazo lisiloeleza tofauti hii huwafanya wapangaji wasijaze ndoo, wakiamini tangi lipo.

Chukua mfano wa jengo lenye nyumba nane, ambalo bomba la kushushia maji limepasuka upande wa kushoto. Tangazo linalofaa lingesomeka hivi: “Jumamosi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, koki ya tangi la juu itafungwa ili kubadilisha bomba lililopasuka. Nyumba zote nane hazitapata maji. Tafadhali jazeni vyombo Ijumaa jioni, zimeni hita za maji na hakikisheni bomba zote zimefungwa. Kazi ikichelewa, taarifa itatolewa kabla ya saa 8 mchana.”

Ombi la kufunga bomba linaonekana dogo, kumbe ndilo linalosahaulika zaidi. Mtu hufungua bomba, akakuta kavu, akaliacha wazi na kutoka. Maji yakirudi hayupo, na tangi humwagika lote sakafuni. Maji ya kwanza baada ya matengenezo huja na hewa na tope, kwa hiyo huachwa yatiririke kidogo kabla ya kukinga ya kunywa au kuwasha hita.

Kuhusu malipo, uharibifu ulio kabla ya mita ni wa mamlaka ya maji, wala mpangaji hachangishwi. Baada ya mita, Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inampa mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo wajibu wa kutunza mitambo na maeneo yanayotumiwa na wote. Wajibu huo huhesabiwa kuwamo katika mkataba hata kama haukuandikwa. Pampu, matangi na mabomba makuu yamo humo. Ndani ya nyumba, mkataba ndio husema. Kwa kawaida mpangaji hurekebisha alichovunja mwenyewe.

Tuseme bomba na vifaa vimegharimu shilingi 210,000 na ufundi 150,000, jumla 360,000. Kwa kuwa bomba ni la wote, gharama ni ya mwenye nyumba. Mkataba ukiwa na kipengele cha wazi cha kuchangia matengenezo ya pamoja, mgawo wa kawaida ni kwa idadi ya nyumba: 45,000 kila moja. Nyumba iliyo tupu hulipiwa na mwenye nyumba. Kuwaongezea majirani fungu lake ni uonevu. Kuwatoza wanne wa kushoto peke yao 90,000 kila mmoja nako hakufai, maana hawakuchagua bomba lipasukie upande wao.

Hubaki maji yaliyopotea. Mita kuu ikisoma uniti 140 kwa mwezi na mita ndogo za nyumba zote zikajumlishwa kuwa 116, uniti 24, yaani lita 24,000, hazina mwenyewe. Sehemu huenda ni maji ya kufanyia usafi ngazini. Iliyobaki hugunduliwa usiku: matangi yakishajaa na bomba zote zikafungwa, mita kuu husomwa, kisha husomwa tena alfajiri. Namba ikisogea ilhali hakuna aliyetumia, kuna mahali panapovuja. Maji yaliyovuja kwenye bomba kuu hufuata hukumu ya bomba lenyewe, hivyo kuyagawa kimyakimya katika bili za wapangaji ni kuwatoza kwa mlango wa nyuma. Mwenye nyumba anayeomba mchango anapaswa kubandika risiti za vifaa, malipo ya fundi na usomaji wa mita pamoja na tangazo, na mpangaji ambaye hajaonyeshwa hayo ana sababu ya kuyadai kabla ya kutoa fedha.