Sigara sita na vepu juu: mbona madhara hayapungui?

Siku hizi ukipita mabarazani Mombasa utamkuta mtu ana vepu mkononi na pakiti ya sigara mfukoni. Ukimuuliza atakwambia anapunguza. Zamani alimaliza sigara 20 kwa siku, sasa ni sita tu, na kiu iliyobaki anaituliza kwa vepu. Sigara kweli amepunguza. Lakini madhara yamepungua kidogo mno kuliko anavyodhani.

Sababu ya kwanza ni moyo. Mwaka 2018 jarida la utabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 141. Ulionyesha kuwa mwanamume anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya maradhi ya moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Mtu angetarajia sehemu moja ya ishirini. Haiwi hivyo kwa sababu moshi mchache tu hutosha kuifanya damu igande upesi na kuharibu kuta za ndani za mishipa. Na kwa saratani ya mapafu, miaka ambayo mtu amevuta ina uzito zaidi kuliko idadi ya sigara za kila siku. Mvutaji wa sita bado anaihesabu miaka.

Sababu ya pili ni kwamba mtu akipunguza sigara, mara nyingi huvuta kila moja kwa nguvu zaidi na kuimaliza hadi kichungini, bila hata kujijua. Watafiti waliopima mikojo na mate ya wavutaji huko Uingereza, mwaka 2017, walikuta wanaochanganya sigara na vepu wana sumu mwilini karibu sawa na wavuta sigara. Sumu ilishuka sana kwa wale tu walioacha sigara kabisa.

Sasa tumtazame huyu wa sigara sita. Ya kwanza ni asubuhi anapoamka, ya pili baada ya chakula cha mchana, mbili kwenye kahawa ya jioni, moja kwenye miraa, na ya mwisho kabla ya kulala. Zile 14 nyepesi zimeondoka, zimebaki zilizofungamana na saa na mahali. Ndiyo maana akijaribu kushuka sita, tano, nne, huishia kukwama, na siku ya harusi au matanga hurudi kumi.

Kwa hivyo aanze na sigara, na aziache zote siku moja. Achague tarehe ndani ya wiki mbili zijazo. Usiku wa kuamkia siku hiyo atoe nyumbani pakiti, kibiriti na kisahani cha majivu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Julai 2024, linapendekeza plasta na chingamu za nikotini, pamoja na ushauri. Plasta hubandikwa asubuhi, na chingamu huchukua zile saa sita ngumu. Amweleze mfamasia sigara na vepu pia, ndipo apewe kipimo kinachomfaa. Mjamzito au mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Chingamu hii haitafunwi kama ya watoto. Hutafunwa polepole mpaka iwashe kama pilipili, kisha huwekwa kati ya ufizi na shavu. Mwasho ukiisha, hutafunwa tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Kahawa, soda na maji ya matunda huzuia nikotini isiingie, basi asivinywe kwa dakika 15 kabla yake wala wakati anatafuna. Wengi husema chingamu haifanyi kazi kumbe wameisindikiza na kahawa chungu.

Asiyekubali kuacha vepu siku hiyo hiyo aibakize kwa muda, ila sigara iwe sifuri. Hata moja ya kukaribishwa na rafiki inamrudisha alipokuwa. Wiki ya kwanza ndiyo kali: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, hamu inayokuja na kupita kwa dakika chache. Kikohozi kinaweza kuzidi kidogo, kwa kuwa mapafu yanajisafisha.

Akishakaa miezi kadhaa bila sigara, ageukie vepu. Zile za kutupa nyingi huandikwa asilimia 5, yaani miligramu 50 za nikotini kwa mililita, na hazina namna ya kupunguzwa. Atumie ya kujaza, ashuke kiwango hatua kwa hatua, huku akirefusha nafasi kati ya mvuto na mvuto. Akijikuta anavuta mara nyingi kuliko jana, ameshuka haraka mno. Na hamu ya sigara ikirudi, asubiri kwanza, asishuke zaidi.

Mfungaji hukaa zaidi ya saa 13 bila moshi. Nikotini mwilini hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hivyo kufikia magharibi karibu yote imekwisha. Kinachomvuta baada ya futari ni mazoea ya saa ile na kiti kile. Jioni za wiki hizo za mwanzo abadilishe kiti. Na anayetaka mtu wa kumshauri apige 1192, namba ya bure ya NACADA.