Ile picha ya mwanamke nyoka

Mazungumzo ya sinema yakianza miongoni mwa watu waliokulia Tanga, Mombasa au Unguja miaka ya 1980 na 1990, hakosekani wa kuuliza: ile picha ya Kihindi ya mwanamke nyoka iliitwaje? Wote waliopo wanaikumbuka. Mmoja anakumbuka macho ya yule dada yakibadilika rangi. Wa pili ana hakika kwamba nyoka alikuwa analipiza kisasi kwa kundi la marafiki, anamaliza mmoja anahamia kwa mwingine. Wa tatu anakumbuka mganga akipuliza zumari huku yule dada akicheza mbele yake kwa hasira. Jina hakuna anayelijua, na wakiulizwa steringi alikuwa nani, yanatajwa majina matatu tofauti.

Si ajabu jina kupotea. Picha nyingi zilionekana kwa mkanda uliopita mikono mingi, jalada lake limeshachanika au limebadilishwa. Kwenye kibanda umiza watu waliingia wakati picha imeshaanza, kwa hiyo maandishi ya mwanzo hawakuyaona. Tanzania walikuwapo pia wasimulizi kama Lufufu, na Kenya yupo DJ Afro, ambao huieleza hadithi kwa Kiswahili juu ya sauti ya picha na kuongeza maneno yao wenyewe. Kwa hiyo jina la mhusika ambalo mtazamaji amelishika miaka yote, au hata sababu ya ugomvi, huenda vilitoka kinywani mwa msimulizi na havimo kabisa katika picha yenyewe.

Picha hiyo inapatikana. Ila anayeitafuta anapaswa kujua kwamba pengine anatafuta zaidi ya moja. Sinema ya India imetengeneza picha nyingi za nyoka anayegeuka mtu, na waigizaji ni walewale wanaozunguka humo.

Tumfuate mtu mmoja wa kubuni, aliyeona mkanda wake mwaka 1991 akiwa shule ya msingi. Kabla hajauliza mtu wala hajafungua simu, anachukua karatasi na kuandika anayoyakumbuka. Karatasi inatangulia kwa sababu yenye ushahidi. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi kipande cha filamu chenye ajali ya magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Kundi moja liliulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, jingine kwa neno kali lenye maana ya kupondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu vioo havikuvunjika. Lakini kati ya 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona, na kati ya 50 wa lile neno la kawaida, 7 tu. Neno moja la muulizaji lilitosha kutia vioo katika kumbukumbu ya mtu. Basi fikiria mabango kumi na maoni ya rafiki watano yatamfanya nini mtu ambaye bado hajaandika lake.

Kwenye karatasi yake mtu wetu anaandika mambo matano. Mwanamke mzuri mwenye macho yanayobadilika rangi. Ngoma kali mbele ya mganga mwenye zumari. Mganga huyo ana macho makubwa na sauti nzito. Ngoma ilichezwa ndani ya nyumba kubwa, mume hayupo, na mama mkwe ndiye aliyemwita mganga. Mwisho, nyoka anaua kundi la marafiki kulipiza kisasi.

Kisha anafanya jambo ambalo watafutaji wengi hawalifanyi: anachagua kumbukumbu moja na kuiweka kando. Hamwambii mtu yeyote wala haiandiki popote katika kutafuta. Anachagua ile ya mama mkwe. Hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi mwishoni, kwa sababu ushahidi uliokwisha kutumika kuchagua picha hauwezi tena kuthibitisha kwamba picha iliyochaguliwa ndiyo yenyewe.

Sasa miaka. Kuona mkanda mwaka 1991 hakumaanishi kwamba picha ilitoka 1991. Mikanda ilizungushwa miaka mingi, na majumba ya sinema ya pwani yalirudia picha za zamani zilizopendwa. Tarehe hiyo inasema jambo moja tu, kwamba picha haikutoka baada ya hapo. Hata hivyo ni msaada mkubwa, maana anayeandika neno Naagin kwenye simu leo hupokelewa na tamthilia ya televisheni ya India iliyoanza mwaka 2015 na kuendelea kwa misimu mingi, hadi picha za zamani zinazama chini yake. Dawa yake ni kuongeza mwaka na neno la filamu, halafu kujaribu tahajia zote, maana picha hizi huandikwa Nagin, Naagin na Nagina, na hizo si picha moja.

Hapo orodha inaanza kujitokeza. Ipo Nagin ya mwaka 1954, aliyocheza Vyjayanthimala. Hiyo inaondoka mapema, kwani ni hadithi ya mapenzi ya vijana wa makabila mawili yenye uhasama, wala hakuna anayegeuka nyoka. Ipo Nagin ya 1976, yenye Reena Roy. Ipo Nagina ya 1986, yenye Sridevi, na mwendelezo wake, Nigahen, wa 1989. Ipo Sheshnaag ya 1990. Zote hizi nne zina nyoka wa kugeuka mtu, na zote zilikuwa zimeshatoka kufikia 1991.

Watu wengi hapa hukimbilia sura ya steringi, na ndipo wanapopotea. Jeetendra ni nyoka dume katika Nagin ya 1976 na ni nyoka dume tena katika Sheshnaag. Rishi Kapoor yumo katika Nagina na yumo katika Sheshnaag. Sridevi yumo katika Nagina na katika Nigahen, safari ya pili akiwa binti wa yule wa kwanza. Sura moja peke yake haitoshi kuchagua. Zinahitajika sura mbili kwa pamoja, kisha kuangalia ni wapi wawili hao walikutana.

Tovuti ya IMDb ina ukurasa unaoitwa Advanced Title Search, ambamo mtu huandika majina mawili ya waigizaji na kupewa zile picha tu ambazo wote wawili wamo. Kwa Sridevi na Rishi Kapoor orodha ni fupi. Imo Nagina, imo Chandni ya 1989 isiyo na nyoka hata mmoja, na nyingine chache. Asiyejua majina kabisa anaweza kufungua Wikipedia kwenye orodha ya picha za Kihindi za mwaka mmoja mmoja, kwa mfano List of Hindi films of 1986, akasoma majina ya waigizaji kisha akatazama nyuso zao.

Adui naye asisahaulike. Kwa mtu wetu, yule mganga mwenye macho makubwa na sauti nzito ni kidokezo chenye nguvu kuliko mume, ambaye kati ya ngoma moja na nyingine hafanyi mengi ya kukumbukwa. Mganga wa Nagina, aitwaye Bhairon Nath, alichezwa na Amrish Puri. Katika Nigahen anayewinda nyoka ni mwanafunzi wa mganga huyo, na kaigizwa na Anupam Kher. Picha hizo mbili ziliongozwa na mtu mmoja, Harmesh Malhotra, na mwanamke ni yuleyule, kwa hiyo zinachanganywa kwa urahisi sana. Lakini ukiweka picha ya Puri na ya Kher mezani, hata aliyesahau kila kitu kingine hashindwi kusema ni yupi aliyemtisha utotoni. Mume naye husaidia hapa: Nagina ni Rishi Kapoor, Nigahen ni Sunny Deol.

Mtu wetu anamtambua Puri. Sasa ndipo anapomwita shahidi wake. Anaingia YouTube na kutafuta ngoma maarufu ya mwisho wa Nagina, iliyoimbwa na Lata Mangeshkar na kujulikana kwa jina la Main Teri Dushman. Katika picha za Kihindi wimbo ni mlango mzuri, kwa kuwa nyimbo huwekwa mtandaoni moja moja na huchukua dakika chache kuzitazama. Mganga anakuja na wafuasi wake na mazumari, na mke analazimika kucheza ndani ya nyumba ya ukweni. Akirudi nyuma kidogo katika picha nzima anaona kilichotangulia: Bhairon Nath amemwambia mama yake mume kwamba mkwewe ni nyoka, mama amekubali afukuzwe, na mwanawe hayupo nyumbani. Kumbukumbu iliyofichwa imelingana, na hakuna aliyempa. Hapo anaweza kusema ameipata.

Lakini karatasi ina jambo la tano, kundi la marafiki wanaouawa, na Nagina haina kundi hilo. Wengi wakifika hapa huamua kwamba walikosea wakalifuta. Si lazima. Kumbukumbu safi isiyoingia katika picha iliyopatikana mara nyingi ni kipande cha picha nyingine, na inastahili kutafutwa kivyake. Upo pia uwezekano kwamba haipo popote. Huko Marekani watu wengi wanaapa kwamba waliona picha ambayo mchekeshaji Sinbad ni jini, na picha hiyo haikuwahi kutengenezwa. Iliyopo ni Kazaam ya 1996, jini akiwa mcheza kikapu Shaquille O'Neal.

Kwa kundi la marafiki kipo kitu halisi, na hapa wapo watahiniwa wawili wa mwongozaji mmoja, Rajkumar Kohli. Katika Nagin ya 1976 nyoka dume anapigwa risasi, na mwenzake wa kike anawasaka marafiki waliohusika, akijigeuza sura za wanawake wanaowapenda. Mwaka 2002 Kohli alirudi na Jaani Dushman: Ek Anokhi Kahani, wanafunzi wa chuo wanauawa mmoja mmoja, na humo yumo Sunny Deol, yule yule wa Nigahen. Zinatenganishwa na mlipiza kisasi: katika ya kwanza ni mwanamke, katika ya pili ni mwanamume, Armaan Kohli, mtoto wa mwongozaji. Na kwa aliyeona mkanda wake mwaka 1991, ile ya 2002 haiwezekani. Inabaki ya 1976, na kwa sababu safari hii hana kumbukumbu aliyoificha, itambidi aitazame yote kabla ya kuamua.