Figo za mnyanyua vyuma

Kijana wa miaka 30, kifua kama mlango, anapimwa damu: kreatinini 1.5. Kikokotoo kinasema figo zake zinachuja mililita 64 tu kwa dakika. Anaingiwa na hofu. Lakini kreatinini ni taka ya misuli. Mwenye misuli mingi huitoa nyingi hata figo zikiwa nzima, na nyama aliyokula jana au unga wa kreatini huiongeza.

Sistatini C ni protini ndogo inayotolewa na karibu seli zote, ikichujwa na figo. Misuli haiibadilishi sana. Yake ni 0.9, yaani takriban mililita 101. Hata hivyo, tezi ya shingo, uvutaji sigara, unene na dawa kama prednisoloni huipotosha, na mkojo bado upimwe protini.