Barua ya Chumbani na Saa za Bahari

Katika hoteli ndogo za ufukweni huko Paje na Jambiani, Unguja, barua ya kumkaribisha mgeni humweleza saa za chai, chandarua, na kwamba nguo za kuogelea hazivaliwi kijijini. Hayo ukiyaandika mara moja yanatosha. Kazi iko kwenye saa za kuogelea. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini kila siku huchelewa takriban dakika 50. Yakijaa leo saa 4 asubuhi, wiki ijayo saa hiyohiyo yamekupwa, na mgeni atakanyaga miamba yenye viumbe wa miiba. Wenye hoteli, acheni nafasi wazi kwenye barua, mjaze saa kwa kalamu kila asubuhi.