Kulinganisha Kwingi, Kuhamisha Kuchache

Mpe mtu orodha ya milima sita yenye urefu wake, kisha mwombe ataje ulio mfupi kuliko yote. Atapitisha macho mara moja na kukujibu. Kompyuta haina jicho la namna hiyo. Inapotaka kujua lipi dogo na lipi kubwa, huchukua namba mbili tu, huzilinganisha, halafu huendelea na nyingine. Kupanga orodha, iwe ya milima sita au ya wateja laki moja wa benki, kwa kawaida hujengwa juu ya matendo mawili: kulinganisha vitu viwili, na kuvihamisha kutoka nafasi moja kwenda nyingine.

Kati ya njia za kupanga ambazo wanafunzi wa kompyuta hufundishwa mwanzoni, ipo moja inayoelezeka kwa pumzi moja. Tafuta kilicho kidogo kuliko vyote, kiweke mwanzo. Katika vilivyobaki tafuta tena kilicho kidogo, kiweke cha pili. Endelea hivyo hadi kibaki kimoja, ambacho bila shaka ndicho kikubwa kuliko vyote. Huu ndio upangaji kwa kuchagua. Ajabu yake ni kwamba matendo yale mawili hayagawani kazi sawa: kulinganisha ni kwingi mno, kuhamisha ni kuchache mno.

Tuchukue milima sita ya ukanda huu, kwa mita, ikiwa imeandikwa bila mpangilio: Kilimanjaro 5,895, Karisimbi 4,507, Kenya 5,199, Elgon 4,321, Stanley 5,109, Mikeno 4,437. Tunataka ianzie mfupi na kuishia mrefu.

Katika mzunguko wa kwanza kompyuta inaanza kwa kudhani kwamba Kilimanjaro, kwa kuwa uko mbele, ndio mfupi. Inaulinganisha na Karisimbi, inakuta Karisimbi ni mfupi zaidi, basi inaukumbuka huo. Inaulinganisha Karisimbi na Kenya, hakuna mabadiliko. Inafika Elgon, inakuta ni mfupi kuliko Karisimbi, inaukumbuka Elgon. Stanley na Mikeno haiutikisi Elgon. Hadi hapo imelinganisha mara tano na haijahamisha chochote. Imebadilisha kumbukumbu yake tu kuhusu nafasi ya mlima mfupi. Sasa ndipo inapohamisha mara moja: Elgon unakwenda nafasi ya kwanza, na Kilimanjaro unachukua nafasi ya nne iliyoachwa na Elgon.

Mzunguko wa pili haumgusi tena Elgon. Unaanza na Karisimbi, unalinganisha mara nne, unagundua kuwa Mikeno ndio mfupi, na milima hiyo miwili inabadilishana nafasi. Mzunguko wa tatu unalinganisha mara tatu, na Karisimbi unakaa nafasi ya tatu. Wa nne unalinganisha mara mbili, Stanley unakuwa wa nne. Wa tano unalinganisha mara moja tu, Kenya unakuwa wa tano, na Kilimanjaro unajikuta mwisho bila kuulizwa.

Ukijumlisha tano, nne, tatu, mbili na moja, unapata milinganisho 15. Mabadilishano ya nafasi ni matano.

Kwa milima sita tofauti hiyo si ya kutisha. Orodha inaporefuka, pengo linakuwa jingine kabisa. Idadi ya milinganisho hupatikana kwa kuzidisha idadi ya vitu kwa idadi hiyo pungufu moja, kisha kugawa kwa mbili. Vitu 1,000 vinahitaji milinganisho 499,500. Vitu 10,000 vinahitaji 49,995,000. Orodha imeongezeka mara kumi, kazi ya kulinganisha imeongezeka karibu mara mia. Mabadilishano, kwa upande wake, hayazidi 999 kwa orodha ya kwanza na 9,999 kwa ya pili.

Kwa nini mabadilishano ni machache hivyo? Kwa sababu kila moja linamaliza kazi. Kitu kinapowekwa mbele kimeshathibitishwa kuwa kidogo kuliko vyote vilivyobaki, hivyo hakitatoka tena hapo. Kila badilishano linapeleka angalau kitu kimoja kwenye makao yake ya kudumu, na cha mwisho hakihitaji kupelekwa. Vitu sita, mabadilishano yasiyozidi matano. Orodha ikija tayari imepangwa, hakuna badilishano hata moja.

Upande wa milinganisho mambo ni magumu zaidi. Ili kuwa na hakika kwamba Elgon ndio mfupi kati ya sita, kila mlima mwingine lazima uonekane walau mara moja ukiuzidi mlima fulani. Usipoulinganisha hata mmoja, huenda huo ndio mfupi nawe hujui. Kwa hiyo milinganisho mitano ya mzunguko wa kwanza haikwepeki. Tatizo linaanzia mzunguko wa pili. Msomaji aliyefuatilia kwa makini ameona kwamba mzunguko wa kwanza ulishalinganisha Karisimbi na Kenya. Mzunguko wa pili unalinganisha Karisimbi na Kenya tena, kana kwamba milima hiyo haijawahi kukutana. Njia hii hukumbuka mshindi wa mzunguko peke yake; mengine yote iliyojifunza njiani huyatupa. Ndiyo maana hata orodha iliyokwisha kupangwa haiipunguzii kazi: milima yetu sita, ikija kwa mpangilio sahihi, bado italinganishwa mara 15.

Katika lugha ya Python, kazi nzima inaandikwa kwa mistari saba:

```python
for i in range(len(a) - 1):
    k = i
    for j in range(i + 1, len(a)):
        if a[j] < a[k]:
            k = j
    if k != i:
        a[i], a[k] = a[k], a[i]
```

Herufi `k` ndiyo kumbukumbu ya nafasi ya kitu kidogo kilichoonekana hadi sasa. Mstari wa mwisho ndio unaobadilisha nafasi, nao umekaa nje ya mzunguko wa ndani. Mahali hapo ndipo wanaoanza hukosea mara nyingi: huuingiza ubadilishaji huo ndani, wakalinganisha `a[j]` na `a[i]` moja kwa moja na kubadilisha nafasi kila kinapoonekana kitu kidogo zaidi badala ya kusubiri mwisho wa mzunguko. Orodha itatoka imepangwa vizuri, kwa hiyo kosa halijitangazi. Linajulikana kwa kuhesabu tu. Kwa milima yetu, programu yenye kosa hilo italinganisha mara 15 zilezile, lakini itabadilisha nafasi mara 11 badala ya tano. Faida pekee ya njia hii itakuwa imepotea.

Faida hiyo ina maana gani katika kazi halisi? Kwenye kompyuta ya kawaida, kusoma namba kutoka kwenye kumbukumbu na kuiandika humo hakutofautiani sana kwa gharama, kwa hiyo kupunguza mabadilishano hakusaidii kitu. Hali inageuka pale ambapo kuandika ni ghali. Mfano mzuri ni chipu ya ATmega328P, ile iliyo kwenye bodi za Arduino Uno. Ndani yake kuna sehemu ndogo ya kumbukumbu iitwayo EEPROM, yenye baiti 1,024, ambayo haifutiki umeme unapokatika. Kusoma baiti moja humo huchukua sehemu ndogo sana ya muda. Kuandika baiti moja huchukua takriban milisekunde 3.3. Isitoshe, mtengenezaji anaihakikishia kila seli takriban mara 100,000 za kufutwa na kuandikwa. Zaidi ya hapo inaweza kuanza kushindwa kutunza data.

Tuseme humo mna vipimo 100, kila kimoja cha baiti moja, navyo vinapangwa humohumo. Upangaji kwa kuchagua utalinganisha mara 4,950, kazi ya sehemu ndogo ya sekunde kwa chipu yenye kasi ya megahezi 16. Mabadilishano hayatazidi 99, na kila moja ni kuandika mara mbili: jumla mara 198, yaani karibu theluthi mbili za sekunde. Njia nyingine ya wanaoanza, ile ya kuchomeka kila kitu mahali pake na kuvisogeza vingine nafasi moja moja, hulinganisha mara chache zaidi kwa orodha iliyovurugika, karibu nusu. Lakini kwa wastani itasogeza vitu karibu mara 2,500, na kila msogeo ni kuandika. Hiyo ni zaidi ya sekunde nane, pamoja na uchakavu wa seli mara kumi na zaidi.

Fundi mwenye nafasi ya kutosha kwenye kumbukumbu ya muda ya chipu hiyo, ambayo ni baiti 2,048 kwa programu nzima, atanakili vipimo vyote huko, avipange kwa njia yoyote, kisha avirudishe kwa kuandika mara 100 tu. Upangaji kwa kuchagua unampa nafuu yule ambaye nafasi hiyo imeshajaa.

Uchache wa mabadilishano una bei yake nyingine. Kwa kuwa kitu kinaweza kurushwa mbali kwa mara moja, vitu vyenye thamani sawa vinaweza kupitana. Tuseme orodha ya wanafunzi imepangwa kwa alfabeti: Asha 70, Baraka 70, Chiku 55. Ikipangwa kwa alama kutoka chini kwenda juu, Chiku anabadilishana na Asha, na matokeo ni Chiku, Baraka, Asha. Alama ziko sawa, ila alfabeti imevurugika. Anayehitaji mpangilio wa awali ubaki kwa walio sawa inambidi atumie njia nyingine.

Dawa ya milinganisho inayorudiwa ilipatikana muda mrefu uliopita. Mwaka 1964 J. W. J. Williams alichapisha njia inayochagua vilevile, kitu kimoja kwa kila mzunguko, lakini inayovihifadhi vitu katika umbo la mti, ili yale yaliyojulikana katika mzunguko mmoja yatumike katika unaofuata. Kwa vitu 1,000, milinganisho hushuka kutoka karibu nusu milioni hadi chini ya 20,000. Mabadilishano, hata hivyo, huongezeka hadi maelfu, kwa sababu mti huo lazima utengenezwe upya kila kitu kinapoondolewa.

Kwa orodha ya kawaida kwenye kompyuta ya kawaida, basi, anayeandika programu hana sababu ya kutumia upangaji kwa kuchagua. Amri ya `sorted()` ya Python itafanya kazi hiyo haraka zaidi na bila kuwavuruga walio sawa. Njia hii aiweke kwa orodha fupi, na kwa sehemu ambapo kuandika ni ghali kuliko kusoma, kisha ahakikishe kwa kuhesabu kwamba mabadilishano hayazidi idadi ya vitu pungufu moja.