Ukiagiza "Ndizi", Utaletewa Ndizi Gani?

Wakulima wa skimu wamehamia kutoka pande nyingi, na kila mmoja amekuja na majina yake ya vyakula. Majirani zetu upande mmoja ni Wakipsigis, upande mwingine ni Wajaluo, na malori ya wachuuzi hutoka Kisumu, Nairobi na hata mpakani Busia. Wote wanasema Kiswahili. Lakini katika soko wanaweza kutamka neno moja, kila mtu akiwa na kitu chake moyoni, wakapatana bei vizuri kabisa, na ugomvi ukazuka baadaye wakati gunia linapofunguliwa.

Chukua neno "mboga". Hapa Sironga mama Mgusii akisema kwa lugha yake "emboga", ana jani moja tu akilini, lile ambalo Kiswahili sanifu huita mchicha na Wakikuyu huita terere. Mnavu kwake si emboga, ni rinagu. Na mgagani ni chinsaga. Mtu wa Nairobi akisema mboga, maana yake ni majani yoyote ya kupika, na mara nyingi anafikiria sukuma wiki au kabeji. Ukivuka mpaka hadi Tanzania neno linazidi kupanuka. Huko mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, hata maharagwe, samaki au nyama. Basi mwenyeji wa Mwanza anaweza kukuambia, "Leo mboga yetu ni samaki," nawe usione ajabu.

Nilipokuwa nikisomea ualimu tulifundishwa kwamba kila neno lina maana yake katika kamusi. Sokoni mambo ni tofauti kidogo. Watu hupenda kulibana jina la jumla mpaka likawa jina la kitu kile kilichozoeleka kwao. Hata barabarani ukimsikia kijana akiita "Matunda! Matunda!", mara nyingi hana machungwa wala maembe. Ana yale matunda ya mti wa kutambaa, ambayo Tanzania wanayaita pasheni na Waganda wanayaita obutunda. Hasara yake ni ndogo, kwa kuwa unayaona kwa macho kabla ya kulipa.

Hasara kubwa iko katika kitu kisichoweza kuonekana siku ya kununua, yaani mbegu na miche. Kwa upande wetu wa Gusii, jina linalosumbua zaidi ni la ndizi.

Kwa Kigusii ndizi moja ni ritoke, na nyingi ni amatoke. Ni jina la ndizi zote, za kupika na za kuiva. Lakini mfanyabiashara wa Nairobi akiagiza "matoke" anataka ndizi mbichi za kupika tu. Ukimpelekea zilizoanza kuwa manjano atazikataa, na wewe utadhani anatafuta kisingizio cha kushusha bei. Ukienda Uganda matoke ni zile za kupika, kama anavyosema mtu wa Nairobi. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu neno "ndizi", ambalo sisi tunalitumia kwa ndizi zote, kwa Waganda ni jina la aina moja peke yake: ile ndogo, tamu, yenye ganda jembamba, inayoliwa mbivu. Sisi wa Kenya tunaiita sukari au sukari ndizi. Ile ndefu ya kuliwa mbivu kwao ni bogoya, na ile ya kuchoma ni gonja. Gonja hiyo pwani ya Tanzania ni mzuzu au mkono wa tembo, kwa aina zake.

Sasa tuone jinsi jambo hili linavyomgharimu mkulima. Tuseme mtu wa skimu anataka migomba ya kupika kwa chakula cha nyumbani, na ziada auze. Amesikia kwamba matoke ya Uganda yana mikungu mikubwa. Anamwambia mchuuzi, "Niletee miche 40 ya ndizi za Uganda." Mchuuzi anawasiliana na mwenziwe aliye ng'ambo, naye anasikia "ndizi", basi anachimbua miche ya ndizi, yaani sukari. Hakuna aliyedanganya. Mkulima anachimba mashimo 40, kila shimo sentimita 60 kwa upana na kwa kina, akiacha mita 3 kati ya shimo na shimo. Hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya ekari. Anatia debe moja la samadi iliyooza katika kila shimo, kwa hiyo madebe 40. Anapalilia, anaweka matandazo, anangoja. Katika baridi ya nyanda zetu mkungu wa kwanza waweza kuchukua mwaka mmoja na nusu. Ndipo anapoona vidole vifupi vilivyojaa, vyenye ganda jembamba, na mama watoto akizipika haziwi chakula alichotazamia.

Mtu anaweza kusema, si neno, atauza mbivu. Kweli, sukari ndizi ina soko zuri mijini. Lakini hazishughulikiwi kwa njia moja. Matoke hukatwa yakiwa mabichi na kustahimili safari juu ya lori. Sukari ina ganda linalochubuka upesi, nayo ikiiva haingoji. Mtu aliye mbali na mnunuzi atazila mwenyewe na watoto wake.

Tena kuna jambo zito kuliko soko, nalo ni ugonjwa wa Panama. Ni ugonjwa wa kuvu anayeishi katika udongo na kuingia kwa mizizi. Sukari na bogoya hushikwa nao vibaya sana, lakini matoke ya nyanda za juu huustahimili ule uliozoeleka huku kwetu. Mgomba ulioshikwa huanza kuwa manjano katika majani ya chini, yale yaliyokomaa, kisha yanavunjika penye shina na kuning'inia kama sketi. Ukikata shina karibu na ardhi utaona mistari ya rangi nyekundu iliyochanganyika na kahawia. Hakuna dawa ya kuuponya, na kuvu hubaki ardhini miaka mingi baada ya mgomba kung'olewa. Kwa hiyo mkulima aliyepanda sukari akidhani ni matoke hakununua tunda lingine tu. Amenunua mmea unaohitaji ardhi safi, akauweka mahali ambapo huenda bogoya zilikufa zamani bila mtu kujua sababu. Kama shamba lako lina historia ya namna hiyo, panda matoke hapo, usipande sukari.

Je, miche yenyewe haitambulikani? Kwa kweli ni vigumu. Chipukizi lenye majani membamba kama upanga ndilo zuri kwa kupanda, lakini ndivyo yalivyo ya aina zote mbili, na likishakatwa majani na kufungwa gunia hata mzee aliyezaliwa migombani anaweza kukosea. Mama yake ndiye wa kuangaliwa. Mgomba wa matoke uliokomaa huwa na mabaka meusi au kahawia nyeusi shinani. Kidole chake kibichi hutoa utomvu mwingi unaonata mkononi, na nyama yake ikipikwa hugeuka manjano. Basi nunua miche pale ambapo unaweza kuuona mgomba ukiwa na mkungu. Ikiwa haiwezekani, usiulize jina. Uliza hivi: "Kwenu hupikwa mbichi au huliwa mbivu? Kidole chake kina urefu gani?" Muuzaji mwaminifu atajibu mara moja, hata kama jina lake ni tofauti na lako.

Kuhusu kuvusha miche mpakani, sheria hairuhusu bila kibali cha KEPHIS, na sababu yake tumeiona wenyewe. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulitambuliwa Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umeingia magharibi mwa Kenya. Ugonjwa huo, tofauti na ule wa Panama, haubagui. Matoke na sukari zote hufa. Mche mmoja unaoonekana mzima waweza kuuleta.

Wafugaji wa samaki nao wana shida inayofanana na hii. Wengi katika vilima vyetu wana mabwawa, na kila mwaka hununua vifaranga. Neno wanalotumia ni "ngege", kwa sababu ndilo lililotufikia kutoka Kisumu. Lakini mvuvi wa Kijaluo wa zamani alitofautisha samaki watatu wanaofanana: ngege, mbiru na nyamami. Ngege wa asili wa ziwa amepungua mno. Yule anayefugwa mabwawani, anayekua upesi, ni nyamami, naye Mwanza wanamwita sato. Sokoni leo wote huitwa ngege, na mlaji hana hasara. Mnunuzi wa vifaranga ndiye mwenye hasara akiuziwa samaki waliovuliwa ovyo mtoni, kwa kuwa jina "ngege" linawafunika wote. Watabaki wadogo, watazaana mpaka bwawa lijae vidole. Hapa pia muulize muuzaji wazazi wao wako wapi, uende ukawaone.

Kwa omena hali ni tofauti kidogo. Hao wadogo wa Ziwa Viktoria ni walewale kila pwani ya ziwa, ingawa Kenya tunasema omena, Uganda mukene, na Mwanza dagaa. Anayenunua chakula cha kuku anaweza kuchukua wowote kati yao. Lakini "dagaa" pasipo kutaja mahali ni neno la hatari, maana dagaa wa Kigoma ni samaki wengine, wa Ziwa Tanganyika, nao kwa kawaida huuzwa ghali zaidi. Na Mombasa dagaa ni wa baharini. Andika "dagaa wa Mwanza" ikiwa ndio unaowataka.

Mezani petu ofisini huja maombi ya miche yenye neno moja tu, "ndizi", na idadi. Ombi la namna hiyo hurudishwa kuulizwa tena, na mvua haingoji. Andika hivi: "Miche 40 ya ndizi za kupika, aina ya matoke, itakayopandwa mahali ambapo hapakuwa na migomba." Na kwa samaki: "Vifaranga 300 vya nyamami, kwa bwawa la mita 10 kwa 10."

Kuna msomaji mmoja aliyetaka kujua kama ni kweli Waganda hula mamba. Wanachoita emmamba ni samaki, yule yule kamongo wa Wajaluo, mwenye mapafu, awezaye kukaa ndani ya matope wakati wa kiangazi. Asimtie katika bwawa la nyamami, maana kamongo atawala.