Mbele ya Jopo, Mchoro Huulizwa Kwanza

Katika vyuo vya usanifu majengo, kazi ya muhula mzima hupimwa kwa dakika chache. Mwanafunzi hubandika michoro ukutani, huweka modeli mezani, kisha husimama mbele ya jopo la walimu na wasanifu walioalikwa kutoka nje. Huko Paris, ambako desturi hii ilikomaa katika karne ya 19, majaji walijifungia na kuamua bila mwanafunzi kuwapo. Leo mwenye kazi yumo chumbani na ana haki ya kujibu. Wengi huipoteza haki hiyo kabla hawajafungua kinywa, kwa sababu jopo huanza kusoma ukuta wakati yeye bado anasalimia.

Tuchukue mfano wa zahanati ndogo jijini Dar es Salaam. Kiwanja ni chembamba, barabara iko mashariki, na masika maji hutuama, hivyo mwanafunzi ameinua sakafu sentimita 60. Ni uamuzi mzuri. Lakini kwenye ramani ya sakafu njia ya mteremko ya wagonjwa wa viti vya magurudumu ina urefu wa mita 3. Kanuni inayotumika sana ni kupanda kipimo 1 kwa kila vipimo 12 vya urefu, kwa hiyo sentimita 60 zinahitaji mita 7.2, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia. Mjumbe mzoefu huliona hilo kwa jicho tu. Kuanzia hapo kila mstari mwingine utatiliwa shaka.

Ndiyo maana mchoro wa mkato ndio ninaoutetea kuliko yote. Picha ya rangi yenye miti na watu wanaotabasamu huficha. Mkato husema kweli. Mkato wa zahanati hii, kwa kipimo cha 1:50, ungeonyesha ardhi, sakafu iliyoinuliwa, dirisha, baraza na paa kwa pamoja. Kuta zilizokatwa zichorwe kwa mstari mnene, vilivyo nyuma yake kwa mstari mwembamba, ili mtu aliye mita 2 kutoka ukutani aone umbo la jengo. Mistari yote ikilingana unene, jopo litatumia muda wako kutafuta ukuta uko wapi. Ramani zote zielekezwe upande mmoja, na alama ya kaskazini isikosekane.

Sasa linakuja swali: “Kwa nini wodi inatazama magharibi?” Jibu la “niliona inapendeza” hufunga mazungumzo. Jibu lenye uzito hutaja sababu, kisha gharama yake: “Kiwanja ni chembamba, na nilitaka mapokezi yaonekane kutoka barabarani, kwa hiyo wodi zikabaki nyuma. Nilijua zitapata jua la alasiri, ndiyo maana nimeweka baraza ya mita 2.4.”

Mjumbe anaweza kushika kalamu papo hapo. Ukingo wa paa la baraza uko mita 2.7 juu ya sakafu. Alasiri, jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo na limeelekea ukuta ule, baraza hiyo hushusha kivuli mita 1.4 tu. Chini ya kimo cha mita 1.3 ukuta unapigwa jua, na dirisha linaanzia mita 0.9. Kadiri jua linavyoshuka, ndivyo linavyozidi kuingia hadi kitandani kwa mgonjwa.

Hapo kushikilia baraza ni kupoteza. “Ni kweli, paa halizuii jua la chini, panahitajika kizuizi cha wima” ni jibu la mtu anayeijua kazi yake, na hapotezi heshima kwa kulitoa. Lakini asikubali kila kitu. Akiambiwa aishushe sakafu ili mteremko uwe mfupi, anapaswa kukataa kwa adabu na kuonyesha kwenye mkato maji ya masika yanafika wapi.

Maoni yaandikwe na mwenzake, kwa maneno yaleyale yaliyosemwa, maana aliyesimama mbele hukumbuka yaliyomuuma tu. Jioni hiyo ayapitie akitenganisha tatizo na tiba. Mjumbe mmoja alisema wodi zihamie mashariki, mwingine akataka ukuta wa matofali ya matundu mbele ya baraza. Tiba zinapingana, tatizo ni moja: joto la alasiri. Kuhamisha wodi kutaziweka karibu na kelele za barabara; ukuta wa matundu utapunguza upepo na mwanga. Njia ya tatu ni kuweka stoo na vyoo magharibi, viwe kinga ya jua, na wodi zifunguke kwenye ua wa ndani. Achore mikato mitatu midogo ya kipimo cha 1:100, kila mmoja ukiwa na mshale wa jua la nyuzi 30, na kuipeleka kwa mwalimu wake kabla hajagusa ramani ya sakafu.